Kabla ya kutuma tangazo la kupunguza nafasi za kazi

Ndugu maofisa rasilimali watu, ndugu mnaoandika taarifa za ndani za taasisi zenu, na ninyi wakuu wa idara ambao mara nyingi mnakabidhiwa barua msiyoiandika kisha mkatakiwa kuitetea mbele ya watu wenu, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Sitazungumzia kama mabadiliko ya muundo yafanyike au yasifanyike, kwa kuwa hilo ni la bodi. Nitazungumzia ukurasa mmoja tu, ule unaotumwa kwa wafanyakazi wote siku ya tangazo, na namna ya kuunyoosha kabla haujatoka mikononi mwenu.

Nimeleta rasimu. Nimeitunga kwa ajili ya leo, lakini kila aliyewahi kukaa ofisini ataitambua:

"Ndugu wafanyakazi, katika jitihada za kuongeza ufanisi na kuendana na mabadiliko ya mazingira ya biashara, menejimenti imeanza zoezi la mapitio ya muundo. Zoezi hili huenda likaathiri baadhi ya nafasi. Tunawahakikishia kwamba hakuna sababu ya kuwa na hofu. Taarifa zaidi zitatolewa kwa wakati muafaka. Tunawaomba mjiepushe na uvumi na muendelee kuchapa kazi. Menejimenti inathamini sana mchango wenu."

Taasisi yetu ya mfano ina wafanyakazi 120. Idara ya Mauzo ina watu 22 na Idara ya Huduma kwa Wateja ina watu 20, na hizo mbili zinaunganishwa. Idara mpya itakuwa na nafasi 33. Mwandishi wa rasimu anayajua yote haya. Hakusema uongo hata mahali pamoja, ila kila sentensi ameiacha wazi, na msomaji ataijaza mwenyewe.

Mwaka 1947 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walieleza kwamba nguvu ya uvumi inatokana na vitu viwili vinavyozidishana. Cha kwanza ni uzito wa jambo kwa yule anayelisikia, cha pili ni utata wa taarifa alizonazo. Sasa fikirini mtu anayengoja kujua kama mwezi ujao atakuwa na mshahara. Uzito wa jambo hili kwake hamwezi kuupunguza hata kidogo, na mkijaribu mtamuudhi. Kilichobaki mikononi mwenu ni utata peke yake. Ndiyo maana sioni maana ya kuhangaika na maneno ya kutuliza. Mnaponyoosha tangazo hili, kazi yenu ni kuondoa utata, sentensi kwa sentensi.

Tuanze na mahali habari yenyewe ilipokaa. Katika rasimu yetu imekuja baada ya "jitihada", "ufanisi" na "mazingira ya biashara". Hapa ni sentensi moja tu ya utangulizi, lakini kuna waliofika mbali zaidi. Julai 2014 Stephen Elop, aliyekuwa akiongoza kitengo cha vifaa cha Microsoft baada ya kampuni hiyo kununua biashara ya simu ya Nokia, aliwaandikia wafanyakazi barua pepe ndefu. Ilianza kwa salamu nyepesi, ikaeleza mkakati wa simu aya baada ya aya, na habari kwamba nafasi zipatazo 12,500 zingeondolewa ikaja mbali huko chini, kuelekea mwisho. Barua ile ilifika kwenye magazeti na bado inatajwa, na kinachotajwa ni ule mwendo wa kuzunguka. Msomaji aliyeshikwa na wasiwasi haisomi barua kwa mpangilio mlioupanga. Anaruka mistari akitafuta jina la idara yake, na kila aya asiyolikuta anahesabu kwamba amefichwa kitu. Kwa hiyo habari ikae kwenye sentensi ya kwanza, ikiwa na idara, idadi na tarehe.

Idadi ndiyo itakayotuchukua muda leo, kwa sababu ndiko uvumi mwingi unakozaliwa hata pale ambapo menejimenti ilikuwa na nia ya kusema kweli. Turudi kwenye taasisi yetu. Watu 42 wanaingia kwenye idara yenye nafasi 33, kwa hiyo watu 9 watatoka. Lakini muundo mpya haukukatwa kwa kisu kimoja. Watu 27 wanaendelea na kazi zilezile. Waliobaki, yaani 15, nafasi zao zinafutwa. Zinaanzishwa nafasi mpya 6, na hao 15 ndio watakaoziomba. Basi tangazo likisema "nafasi 15 zinafutwa", ni kweli. Likisema "watu 9 wataondoka", ni kweli. Likisema "watu 42 wanaguswa", ni kweli pia.

Sasa mkurugenzi asimame kwenye kikao na kutaja 9, barua iseme 15, na mkuu wa idara akiulizwa kwenye korido ajibu kwamba idara nzima ya watu 42 inaguswa. Kufikia saa sita mchana watu wameshakubaliana kwamba menejimenti inaficha idadi halisi na kwamba idadi hiyo inapanda kila saa. Hakuna aliyedanganya. Kilichokosekana ni hesabu moja iliyoandikwa mpaka mwisho, ambayo msomaji anaweza kuijumlisha mwenyewe: 27 wanabaki, 15 nafasi zao zinafutwa, 6 kati yao watapata nafasi mpya, 9 watatoka. Nashauri muiandike hesabu hiyo yote, kisha mtu asiyehusika na fedha wala rasilimali watu aijumlishe kwa kalamu. Asipopata jibu, hata wafanyakazi hawatalipata.

Kuna idadi nyingine ambayo rasimu nyingi huikwepa, nayo ni ile ambayo tayari inazunguka. Katika mfano wetu, pendekezo la kwanza lilikuwa kupunguza nafasi 12. Wawakilishi wa wafanyakazi walipokaa na menejimenti, waliomba zamu ya jioni ibakie, na nafasi zikawa 9. Namba 12 ilisikika na watu wengi, kwa hiyo siku mtakapotangaza 9, watu watauliza hao watatu wamekwenda wapi, na watajibiana kwamba wanasubiri awamu ya pili. Uvumi huu hauna mwenye nia mbaya. Una chanzo, na chanzo ni kikao chenu wenyewe. Dawa yake ni sentensi mbili: pendekezo la kwanza lilikuwa 12, mazungumzo yakaibadilisha kuwa 9 kwa sababu hii. Na sentensi hizo zinawaonyesha wafanyakazi kwamba mashauriano hayakuwa ya kupiga picha tu.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo lina uzito wa kisheria. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 158 wa mwaka 1982 unataka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, za kiteknolojia au za kimuundo awape wawakilishi wao taarifa mapema: sababu, idadi na aina ya wafanyakazi wanaoweza kuguswa, na kipindi ambacho zoezi litafanyika. Kisha awape nafasi ya kushauriana juu ya namna ya kuepusha au kupunguza madhara. Si nchi zote zilizouridhia, na kila nchi ina sheria yake, kwa hiyo mwanasheria wenu lazima aione rasimu. Ila kwa mwandishi swali ni moja: je, jambo hili leo ni pendekezo au ni uamuzi? Kama mashauriano hayajafanyika, andikeni "tunapendekeza", na iwe kweli kwamba linaweza kubadilika. Kama uamuzi umeshapita, andikeni "tumeamua". Rasimu yetu inasema "menejimenti imeanza zoezi la mapitio", na hilo si pendekezo wala uamuzi. Tena mficho wa namna hiyo hugundulika haraka. Chati ya idara mpya ikiwa imeshaingizwa kwenye mfumo wa mishahara, kuna mtu ameiona, na huyo akisoma neno "mapitio" hataamini sentensi nyingine yoyote.

Nenda sasa kwenye "hakuna sababu ya kuwa na hofu". Futeni. Kwa wale 15 sababu ipo, na wale 78 wa idara nyingine hawana njia ya kujua kama wao wamo au hawamo. Badala ya kuwaagiza watu wajisikie vipi, waambieni mpaka wa zoezi uko wapi: idara nyingine hazimo. Hapa shinikizo litakuja. Mkurugenzi atataka muandike "hakutakuwa na punguzo jingine". Anaitaka sentensi hiyo kwa moyo mwema, lakini muulizeni kama ana mamlaka ya kuifunga bodi isikae tena. Kama hana, andikeni anachokijua leo na mwisho wake: bodi haijajadili kupunguza nafasi nyingine, itapitia bajeti mwezi Septemba, hatuwezi kuahidi leo kitakachoamuliwa wakati huo. Najua inasikika baridi. Lakini ahadi ya kwanza ikivunjika Septemba, tangazo la Septemba halitakuwa na msomaji hata mmoja anayeliamini, na watakaoumia ni wale mliotaka kuwatuliza.

"Kwa wakati muafaka" hubadilishwa na tarehe, na sitakaa hapo. Kuhusu "mjiepushe na uvumi", nayo ifutwe, kwa sababu inamthibitishia msomaji kwamba uvumi upo na kwamba mnaujua lakini hamuujibu. Kama mnaujua, ujibuni kwa sentensi ya kawaida, bila kutaja nani kasema.

Sababu inahitaji uangalifu zaidi. "Mabadiliko ya mazingira ya biashara" ni sababu inayoweza kuelezea jambo lolote. Mei 2020, Brian Chesky wa Airbnb alipowaandikia wafanyakazi kwamba takriban watu 1,900 kati ya 7,500 wataondoka, aliwapa sababu yenye kipimo: mapato ya mwaka ule yalikadiriwa kuwa chini ya nusu ya yale ya 2019. Msomaji anaweza kuichukia sababu ya namna hiyo, lakini anaweza kuipima. Katika mfano wetu sababu ni mbili: mapato yalishuka kwa asilimia 14, na mteja mmoja anahudumiwa na watu wawili walio kwenye idara tofauti, ambao kila mmoja ana kumbukumbu zake. Kabla ya kuituma, ipitisheni kwenye mambo ambayo wafanyakazi wameyaona kwa macho. Kama mwezi uliopita yalinunuliwa magari mapya ya wakurugenzi, sababu ya mapato itakufa mlangoni, na ni heri mueleze ununuzi ule ulitoka fungu gani kuliko kutumaini kwamba hakuna aliyeona.

Pia angalieni sababu isiteleze na kugeuka hukumu juu ya watu. Nafasi inapofutwa, ni kazi iliyofutwa. Ukiandika kwamba taasisi inataka "timu yenye tija zaidi", umewaambia wale 9 kwamba walikuwa hawana tija, na umewaambia mbele ya wenzao wote. Kama rekodi ya utendaji ni kigezo kimojawapo cha kujaza zile nafasi 6, semeni hivyo wazi pamoja na vigezo vingine, na msiitumie bila kuitaja. Na kama mna mfanyakazi mmoja mnayetaka kumwondoa kwa nidhamu, huko ni kwingine na kuna utaratibu wake. Msimwingize kwenye muundo mpya.

Baada ya kazi hiyo, tangazo letu linasomeka hivi:

"Kwa wafanyakazi wote,

Kuanzia tarehe 1 Mei, Idara ya Mauzo na Idara ya Huduma kwa Wateja zitakuwa idara moja. Leo zina watu 42, na idara mpya itakuwa na nafasi 33. Kwa hiyo watu 9 watapoteza kazi zao hapa. Siku yao ya mwisho ya kazi ni tarehe 30 Aprili.

Watu 27 wanaendelea na kazi zao za sasa kwa mshahara uleule. Watu 15 nafasi zao zinafutwa. Kuna nafasi mpya 6, na zitaombwa na hao 15 peke yao. Mwisho wa kuomba ni Jumatatu tarehe 16 Machi; majibu yatatolewa Jumatano tarehe 25 Machi. Vigezo vimeambatishwa. Kila mmoja kati ya watu 42 ameshaambiwa yuko kundi gani, na walio likizo wamepigiwa simu. Watakaoondoka watapewa hesabu ya malipo yao kwa maandishi tarehe 25 Machi.

Tumeamua hivi kwa sababu mapato ya mwaka jana yalishuka kwa asilimia 14, na kwa sababu mteja mmoja anahudumiwa mara mbili na idara mbili. Pendekezo letu la kwanza lilikuwa kupunguza nafasi 12. Wawakilishi wenu walionyesha kwamba zamu ya jioni haiwezi kuendeshwa hivyo, na tukabakiza nafasi 3.

Bado hatujaamua nani ataongoza idara mpya. Tutawaandikia kuhusu hilo Ijumaa tarehe 13 Machi.

Idara nyingine, zenye watu 78, hazimo katika mabadiliko haya. Bodi haijajadili kupunguza nafasi nyingine. Itapitia bajeti mwezi Septemba, na hatuwezi kuahidi leo kitakachoamuliwa wakati huo."

Chini yake liwepo jina na sahihi ya mkurugenzi, si "Menejimenti", pamoja na jina la mtu wa kuulizwa na saa anazopatikana. Shukrani kwa wale 9 nazihamishia kwenye barua zao binafsi, ambako zinaweza kutaja kazi ambayo kila mmoja ameifanya. Kwenye tangazo la wote zinasomwa kama kifuniko.

Mmeona kwamba kila aya inaweza kusimama peke yake. Hilo ni la makusudi. Tangazo hili litapigwa picha ya skrini na kuingia kwenye makundi ya Watsapu ndani ya dakika chache, na atakayeipokea huenda akaona aya moja tu. Aya ya pili ya rasimu yenu ikikatwa peke yake, je, inapotosha? Kama inapotosha, irudieni idadi au tarehe, hata kama mwalimu wenu wa insha angeona mmerudia.

Sentensi inayosema "kila mmoja ameshaambiwa" ndiyo inayoweza kuliangusha tangazo zima, kwa sababu ni ahadi kuhusu jambo lililokwisha kutendeka. Kabla ya kubofya kitufe cha kutuma, chukueni orodha ya watu 42 na muweke alama mbele ya kila jina. Wanaosahaulika ni walewale: aliye likizo ya uzazi, aliye hospitalini, wa zamu ya usiku aliyelala wakati wenzake wanaitwa, na aliyeazimwa kwenda idara nyingine. Kama alama ziko 41, tangazo linasubiri. Mazungumzo ya ana kwa ana na tangazo la wote yafanyike siku moja, yakiachana kwa saa mbili au tatu. Mkiacha usiku mmoja katikati, usiku huo utaandika tangazo lake. Wakuu wa idara nao wapate maswali na majibu yaliyoandikwa kwa hesabu ileile ya barua, ili yule wa kwenye korido asiseme 42 pale barua inaposema 9.

Tena uvujaji huanza kabla hamjaandika hata neno. Mwaliko wa kikao wenye kichwa "Punguzo, wakuu tu" unaonekana kwenye kalenda za watu wengi kuliko mnavyodhani, na faili iliyoitwa "orodha_ya_mwisho" ikiachwa kwenye printa imeshatangaza. Likitokea hilo, msikanushe. Wahisheni tangazo, hata kama lina sehemu mbili zilizoandikwa "bado hatujaamua".

Kupima rasimu, mpeni mtu asiyekuwa kwenye vikao vya mpango na ambaye anaweza kutunza siri, aisome mara moja, kisha mchukue karatasi mkononi mwake. Msimuulize kama ameelewa, maana atasema ndiyo. Muulizeni watu wangapi watatoka, mtu wa Mauzo atajua lini hatima yake, na nini bado hakijaamuliwa. Fanyeni hivyo kwa watu watatu, kila mmoja peke yake. Majibu yao yakitofautiana, kosa liko kwenye sentensi, na sentensi hiyo mtaijua mara moja.

Kisha itafika Ijumaa tarehe 13, na mara nyingi inafika kabla kiongozi wa idara mpya hajapatikana. Hapo kuna kishawishi cha kunyamaza mpaka jina lipatikane. Andikeni siku hiyohiyo, hata kwa mistari miwili: "Tuliahidi kuwaandikia leo kuhusu kiongozi wa idara mpya. Usaili umefanyika lakini uamuzi haujatolewa; tutawaandikia tena Jumatano tarehe 18." Na Jumatano hiyo muandike.